Jibu la Ramani Likikosewa, Lenyewe Husema Limekosewa Wapi

Mtihani wa majaribio umekwisha, karatasi zimekusanywa, na wanafunzi wa kidato cha nne wamesimama nje ya darasa wakilinganisha majibu. Kwenye maswali mengine ya jiografia hakuna ugomvi. Ubishi unaanzia kwenye ramani. Swali liliwataka wapime umbali wa mstari ulionyooka kutoka shule iliyo bondeni hadi kilele cha mlima, wataje beringi ya kilele hicho kutoka shuleni, yaani pembe ya uelekeo inayohesabiwa kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa, kisha watafute mteremko wa wastani kati ya sehemu hizo mbili. Mmoja amepata mteremko wa 1:21. Wa pili ana 1:18.5. Wa tatu ameandika 1:0.02 na anaanza kuingiwa na wasiwasi. Kwenye beringi hali ni hiyo hiyo: kuna 040, kuna 050 na kuna 220, na kila mmoja anaapa kwamba alipima vizuri.

Ubishi wa namna hii mara nyingi huamuliwa kwa wingi wa watu, au kwa jina la anayeongoza darasa. Hakuna haja. Hesabu za ramani zina sifa ambayo maswali ya kueleza hayana: jibu baya halikosewi ovyo ovyo. Likikosewa, hukosewa kwa kiasi fulani, na kiasi hicho kinaonyesha mkono uliteleza hatua gani. Mwalimu aliyesahihisha karatasi nyingi huona 1:18.5 na papo hapo akajua mwanafunzi alishika rula vipi. Jambo hilo hilo mwanafunzi anaweza kulifanya mwenyewe akiwa bado kwenye kiti chake, dakika chache kabla karatasi hazijakusanywa.

Tuchukue swali lenyewe. Ramani ni ya skeli ya 1:50,000, ile inayotumika zaidi kwenye mitihani ya Tanzania na Kenya. Shule ipo kwenye rejea ya gridi 284613, kwenye kontua ya mita 1,240. Kilele kipo 334673, na urefu wake ulioandikwa ni mita 1,620. Kontua zimechorwa kila baada ya mita 20. Hizo ndizo taarifa zote zinazohitajika, na ndani yake kuna njia mbili tofauti za kufikia kila jibu. Njia ya kwanza ni ya vifaa: rula na protrakta. Njia ya pili ni ya namba za gridi zenyewe, haigusi rula wala protrakta. Njia mbili zisizotegemeana zikikutana, jibu limethibitishwa. Kurudia njia ile ile mara mbili hakuthibitishi kitu, kwa sababu aliyeshika rula vibaya mara ya kwanza ataishika vibaya tena.

Rejea yenye tarakimu sita husomwa kwa kuigawa katikati. Tarakimu tatu za kwanza zinaeleza nafasi ya kwenda mashariki, tatu za mwisho nafasi ya kwenda kaskazini. Kila mraba wa gridi una upande wa kilomita moja ardhini, na tarakimu ya mwisho katika kila kundi ni sehemu ya kumi ya upande huo, yaani mita 100. Basi kutoka 284 hadi 334 ni hatua 50 za mita 100, ambazo ni kilomita 5. Kutoka 613 hadi 673 ni hatua 60, kilomita 6. Kilele kipo kilomita 5 mashariki na kilomita 6 kaskazini mwa shule. Ukichora mistari hiyo miwili unapata pembetatu mraba, na umbali unaotafutwa ndio upande wake mrefu. Tano kwa tano ni 25, sita kwa sita ni 36, jumla 61, na kipeuo cha pili cha 61 ni 7.81. Umbali ni kilomita 7.8.

Asiyekuwa na muda wa kutafuta kipeuo anaweza kukadiria bado. Upande mrefu wa pembetatu lazima uzidi 6, ambao ndio mrefu kati ya ile mingine miwili, na lazima uwe pungufu ya 11, ambayo ni jumla yao. Jibu la rula lililo nje ya mipaka hiyo limekosewa, hata kabla ya kujua limekosewa wapi.

Upo mpaka mwingine, mpana zaidi, unaotokana na karatasi yenyewe. Ramani kamili ya 1:50,000 ya Tanzania au Kenya hufunika eneo la robo digrii kwa robo digrii, na huku kwetu karibu na ikweta hiyo ni takriban kilomita 28 kila upande. Kutoka pembe moja ya ramani hadi pembe ya pili kwa mshazari ni kama kilomita 39 tu. Mtahiniwa kwa kawaida hupewa kipande cha ramani hiyo, si ramani nzima. Kwa hiyo anayejibu kwamba shule na kilele vimeachana kwa kilomita 78 amevitoa nje ya karatasi aliyoshika. Amekosea kwa kumi kamili, na kosa la kumi, mia au elfu ni la vipimo: sentimita zimegeuzwa kuwa kilomita kwa kuhamisha nukta mahali pasipo pake. Skeli haikuhusika, na rula haikuhusika.

Rula na karatasi iliyosinyaa

Sasa turudi kwa yule mwenye 1:18.5. Yeye hakukosea kuzidisha. Alipima mstari kwa uangalifu, akapata sentimita 14.1, akazidisha kwa mita 500 kama inavyotakiwa kwenye 1:50,000, akapata kilomita 7.05. Mwenzake alipata 7.8 kwenye karatasi ile ile. Tofauti ni karibu asilimia kumi, na tofauti ya kiasi hicho hapo katikati, ambayo si mara mbili wala mara kumi, humwelekeza msahihishaji kwenye fotokopi.

Shule nyingi hazina ramani halisi za kutosha. Moja inatolewa kopi, kopi inatolewa kopi, na mashine ikiwa imewekwa kupunguza ili ukurasa utoshee kwenye karatasi ya kawaida, ramani nzima inasinyaa. Maneno 1:50,000 yaliyoandikwa chini hayasinyai. Yanabaki vile vile yakisema jambo ambalo si kweli tena. Kwenye ramani halisi upande wa mraba wa gridi ni sentimita 2 kamili. Kwenye kopi ya mtihani huu, kila mraba ulikuwa sentimita 1.8. Hapo kilomita moja inawakilishwa na sentimita 1.8, na ukigawa sentimita 100,000 kwa 1.8 unapata skeli halisi ya karatasi hiyo: takriban 1:55,600.

Mwanafunzi wa kwanza alinusurika kwa sababu alitumia skeli ya mstari, ule mstari uliogawanywa kwa kilomita chini ya ramani. Aliweka ukingo wa kipande cha karatasi kati ya shule na kilele, akatia alama mbili, akakipeleka kwenye mstari ule na kusoma kilomita moja kwa moja. Skeli ya mstari ni mchoro, si maandishi, kwa hiyo ramani ikipunguzwa nayo hupungua kwa kiasi kile kile, na ikikuzwa nayo hukua. Hii ndiyo sababu kitendo cha kwanza kabisa cha mtu mwenye ramani mbele yake, kabla ya kusoma swali lolote, kinapaswa kuwa kupima upande wa mraba mmoja wa gridi. Bora apime miraba kumi kwa pamoja: ikitoka sentimita 20, rula na 1:50,000 vinaweza kutumika bila hofu. Ikitoka 18, kila sentimita aliyopima inabidi igawanywe kwa 1.8 ili kupata kilomita, na 14.1 ikigawanywa kwa 1.8 inatoa 7.8 ile ile ya gridi.

Jambo la kuangalia ni kwamba kopi iliyopunguzwa haiharibu kila kitu. Pembe hazibadiliki karatasi inaposinyaa sawasawa pande zote, hivyo beringi inabaki salama. Urefu wa kontua hauguswi, kwa sababu umeandikwa kwa namba. Kinachoharibika ni umbali, na kupitia umbali, mteremko. Mwanafunzi ambaye beringi yake ni sahihi lakini umbali na mteremko wake vyote viwili vimepungua kwa kiasi kimoja hana haja ya kurudia swali zima. Ana tatizo la skeli, basi.

Kwa barabara zenye kona, ambako mtu hulazimika kutumia uzi au kuzungusha ukingo wa karatasi kipande kwa kipande, namba za gridi haziwezi kutoa jibu kamili. Zinatoa kikomo cha chini. Ikiwa barabara kutoka shuleni hadi kileleni imepimwa na kupata kilomita 9.4, hilo linawezekana, maana ni ndefu kuliko 7.8 na barabara ya mlimani hujipinda. Ikiwa imepatikana kilomita 7.2, uzi ulivutwa ukakata kona, kwa kuwa hakuna njia ya ardhini iliyo fupi kuliko mstari ulionyooka.

Digrii zilizogeuzwa

Kwenye beringi, majibu matatu ya wanafunzi wale yanasomeka kama maelezo ya walichofanya. Hesabu ya gridi inasema hivi: kilele kipo kilomita 5 mashariki na 6 kaskazini. Kwa kuwa kipo mashariki na kaskazini kwa wakati mmoja, beringi lazima iwe kati ya 000 na 090. Kwa kuwa safari ya kaskazini ni ndefu kuliko ya mashariki, mstari umelalia zaidi upande wa kaskazini, na beringi lazima iwe pungufu ya 045. Kwa kuwa tofauti kati ya 5 na 6 si kubwa, haiwezi kuwa mbali sana na 045. Mtu amefika hapo bila kugusa kifaa chochote, na tayari majibu mawili kati ya matatu yameanguka.

Anayetaka digrii kamili agawe 5 kwa 6, apate 0.833, kisha atafute pembe ambayo tanjenti yake ni namba hiyo. Ni digrii 39.8. Protrakta iliyosoma 040 imesoma vizuri. Ikumbukwe tu kwamba namba ya mashariki ndiyo inayokaa juu na ya kaskazini chini, kwa sababu beringi huhesabiwa kutoka kaskazini. Kwenye somo la hisabati wanafunzi wamezoea kuhesabu pembe kutoka mhimili wa mlalo, na mazoea hayo ndiyo yanayozaa jibu la 050. Nambari 40 na 50 zinajumlika kuwa 90, na beringi mbili zinazojumlika kuwa 90 huonyesha kwamba mtu alipima kutoka mashariki badala ya kaskazini. Aliyesoma rejea kinyume, akaanza na namba za kaskazini, naye huishia 050. Wa pili huyu ni mgumu kumnasa kwa umbali, maana tano kwa sita na sita kwa tano hutoa upande mrefu ule ule wa 7.81. Umbali wake utakubaliana na wa wenzake wote, na kosa litaonekana kwenye beringi peke yake.

Jibu la 220 limezidi 040 kwa 180 kamili. Hapo hakuna kosa la kupima hata kidogo. Kuna kosa la kusimama. Swali lilisema beringi ya kilele kutoka shuleni. Mwanafunzi akaweka kitovu cha protrakta kwenye kilele, akatazama shule. Neno lililo baada ya "kutoka" ndilo mahali pa kusimama, na hapo ndipo mstari wa kaskazini unapaswa kuchorwa. Kuna walimu wanaowaambia wanafunzi wachore mstari huo kwanza, kwa penseli iliyochongwa, kabla hata ya kuunganisha sehemu mbili zinazoulizwa. Ni ushauri mzuri sana, kwa sababu mstari wa kaskazini ukishakuwa kwenye karatasi mkono hauna tena mahali pengine pa kuweka protrakta.

Mbali na hayo, protrakta ya nusu duara ina mtego wake. Ina safu mbili za namba, moja ikipanda kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, na pembe moja husomeka 40 kwenye safu moja na 140 kwenye nyingine. Kilele kilichopo kaskazini mashariki hakiwezi kuwa na beringi ya 140, ambayo ni kusini mashariki. Kadhalika 320, ambayo ni 360 kutoa 40, inamaanisha pembe ilihesabiwa kinyume cha mwendo wa saa. Majibu yote haya huanguka kwa swali moja dogo: je, sehemu hiyo ipo upande gani wa mahali niliposimama, kulia au kushoto, juu au chini?

Wapo wanaobabaishwa na ukweli kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ipo kusini mwa ikweta, wakidhani huenda namba za gridi zinahesabiwa kuelekea chini. Sivyo. Gridi inayotumika kwenye ramani hizi imewekwa kwa namna ambayo ikweta, kwa upande wa kusini, inapewa thamani ya mita 10,000,000, na namba hupungua kadiri unavyoshuka kusini. Matokeo yake ni kwamba Mtwara na Mwanza kanuni ni moja: ukienda juu ya ramani namba za kaskazini zinaongezeka, ukienda kulia za mashariki zinaongezeka. Kuhusu kaskazini ya sumaku, ile inayoonyeshwa na sindano ya dira, ukingoni mwa ramani huwa na mchoro mdogo unaoeleza imeachana vipi na kaskazini ya gridi. Swali lisipoitaja, hupimwa kutoka mistari ya gridi.

Mteremko na vipimo vyake

Mteremko ni kupanda kukigawanywa kwa umbali wa mlalo, kisha sehemu hiyo inaandikwa upya ili juu ibaki 1. Kutoka mita 1,240 hadi 1,620 ni kupanda kwa mita 380. Umbali ni mita 7,810. Ukigawa 7,810 kwa 380 unapata 20.55, kwa hiyo mteremko ni takriban 1:21. Maana yake ni kwamba mtu akitembea mita 21 kuelekea kileleni, kwa wastani amepanda mita moja.

Yule mwenye 1:0.02 aligawa vizuri kabisa, lakini kilomita kwa mita: 7.81 kwa 380. Jibu lake linamaanisha kwamba ukisogea sentimita 2 unapanda mita nzima. Huo ni ukuta. Akiligeuza jibu lake kuwa sentensi ya namna hiyo, ataliona mara moja. Kulirekebisha ni rahisi: zidisha kwa 1,000 na 1:0.02 inarudi kwenye ishirini na kitu.

Ugumu huja pale kosa linapozaa jibu linalofanana na kweli. Mfano wake mkubwa ni futi. Ramani nyingi za kwanza za skeli hii Afrika Mashariki zilitengenezwa na idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni, na matoleo kadhaa ya wakati huo yana kontua za futi. Ramani hizo bado zimo kwenye makabati ya shule na bado zinatolewa kopi kwa mazoezi. Kupanda kwa mita 380 ni kupanda kwa futi 1,247. Mtu asiyesoma maandishi ya pembeni akachukua 1,247 kana kwamba ni mita, atapata 1:6.3. Hakuna ukuta hapo, na jibu linaweza kupita bila kushtukiwa. Kinachomfichua ni kiasi: 20.55 ikigawanywa kwa 6.3 inatoa karibu 3.3, na mita moja ni futi 3.28. Popote majibu mawili ya mteremko yanapotofautiana kwa mara tatu na kidogo, mtu akatazame maandishi yanayoeleza kontua ni za nini.

Kosa jingine linalofichika ni kuhesabu kontua badala ya nafasi kati ya kontua. Kutoka kontua ya 1,240 hadi ya 1,620 kuna mistari 20 ukihesabu ya mwanzo na ya mwisho, lakini nafasi ni 19. Anayezidisha 20 kwa mita 20 anapata kupanda kwa mita 400 na mteremko wa 1:19.5. Dawa yake ni kuacha kuhesabu mistari na kutoa namba zilizoandikwa: 1,620 kutoa 1,240.

Swali lenyewe nalo linaweza kusomwa haraka mno. Likiuliza mteremko wa barabara, umbali unaoingia kwenye hesabu ni ule wa kufuata kona, kilomita 9.4, na jibu ni 1:25. Likiuliza mteremko kati ya shule na kilele, ni kilomita 7.81 na jibu ni 1:21. Majibu yote mawili ni sahihi kwa maswali mawili tofauti. Kwa barabara na reli kuna kipimo cha ziada cha akili: barabara kuu ya magari ni nadra kupandishwa kwa ukali unaozidi 1:10, na reli ya kawaida huhitaji mteremko mpole zaidi ya hapo kwa mbali, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushikilia kidogo. Aliyepata 1:6 kwenye reli akarudie hesabu.

Baada ya makosa haya yote kuondolewa, bado majibu ya watu wawili makini hayatalingana hadi tarakimu ya mwisho, na hapo inabidi kujua tofauti ipi ivumiliwe. Kwenye 1:50,000, milimita moja ni mita 50 ardhini, na ncha ya penseli butu inakula nusu ya hiyo. Rejea ya tarakimu sita yenyewe inatambua hatua za mita 100 tu. Tuseme umbali una shaka ya mita 100 kila upande. Urefu wa sehemu iliyo kati ya kontua mbili hukadiriwa, na kukadiria huko kunaweza kukosea kwa mita 10. Ukichukua kupanda kwa 390 na umbali wa 7,710 unapata 1:19.8, ukichukua 370 na 7,910 unapata 1:21.4. Kwa hiyo 1:20 na 1:21 ni jibu moja lililopimwa na mikono miwili, na miongozo ya kusahihisha huacha nafasi ya tofauti ndogo kama hiyo. Lakini 1:18.5 haimo kwenye nafasi hiyo, wala 1:25. Ndiyo maana pia kuandika 1:20.5526 kama kikokotoo kilivyoonyesha ni kudai uhakika ambao rula haikutoa.

Kwa beringi, uvumilivu unategemea urefu wa mstari. Kwenye mstari wa sentimita 15, ncha ikisogea milimita moja pembe inabadilika kwa chini ya nusu digrii, hivyo 039 na 041 zinaeleweka lakini 044 haielezeki. Kwenye mstari wa sentimita 2, milimita ile ile inageuza pembe kwa karibu digrii 3. Sehemu mbili zikiwa karibu hivyo, mstari uzidishwe mbele kwa penseli nyembamba hadi upite ukingo wa protrakta, ili angalau usomaji wa digrii usiongeze kosa juu ya kosa.

Kipo kipimo cha mwisho cha mteremko, na hicho hutumia macho. Nafasi 19 za kontua zimegawana mstari wa sentimita 15.6 kwenye ramani halisi, kwa hiyo mteremko wa 1:21 unadai kwamba kwa wastani kontua zimeachana kwa milimita 8. Mtu akiangalia mstari wake na kukuta kontua zimebanana kwa milimita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho, 1:21 haiwezekani. Nafasi ya namna hiyo ni kupanda mita 20 ndani ya mita 100, yaani 1:5.

Kwenye mlima huu atakuta vyote viwili. Kutoka shuleni kontua ni za kuachana, mashamba na vijito, na kwa kilomita 6.81 za mwanzo ardhi inapanda mita 180 tu. Kilomita ya mwisho inapanda mita 200. Sehemu ya kwanza ni 1:38, ya pili ni 1:5, na 1:21 yenyewe huenda isipatikane mahali popote kwenye njia ile. Jibu linabaki 1:21, kwa kuwa wastani ndio ulioulizwa. Ila mtahini akiuliza sehemu inayofuata ya swali, kwamba mteremko huo umekaaje, anayeandika kwamba ni mteremko mbonyeo, mpole chini na mkali juu, ameusoma kutoka kwenye nafasi za kontua zile zile alizotumia kujikagua.